Jina Lisilobadilika: Miongozo ya Kutaja Mafaili na Matoleo katika Folda ya Pamoja ya Wanafunzi wa Uchoraji kwa Kompyuta

Ikisiri

Makala haya yanaeleza utaratibu wa kutaja mafaili na matoleo ambao mwandishi, akiwa mwalimu wa uchoraji wa majengo kwa kompyuta, huwapa wanafunzi wanaofanya mradi mmoja katika folda ya pamoja. Hoja kuu ni kwamba katika programu ya AutoCAD jina la faili si lebo tu bali ni anwani ambayo michoro mingine huitegemea. Kwa sababu hiyo, desturi ya kuongeza maneno kama “mpya” au “mwisho” katika jina la mchoro unaoendelea kufanyiwa kazi huvunja uhusiano baina ya michoro, na mara nyingi huuvunja bila programu kutoa onyo lolote. Hoja hiyo inajengwa juu ya kisa kimoja cha darasani, kisha miongozo inayotokana nacho inaelezwa pamoja na mipaka yake.

1.0 Kisa cha Zahanati

Kundi la wanafunzi wanne lilipewa kazi ya kuandaa michoro ya zahanati ya ghorofa moja. Mmoja alishika usanifu, wa pili miundo, wa tatu umeme na wa nne maji safi na maji taka. Walikuwa na folda moja ya pamoja katika kompyuta kuu ya maabara. Mwanafunzi wa usanifu alichora ramani ya sakafu na kuihifadhi kwa jina `ramani chini.dwg`. Wenzake watatu hawakuinakili ramani hiyo. Kila mmoja aliiazima ndani ya mchoro wake kama rejea ya nje, yaani mchoro unaoonekana ndani ya mchoro mwingine huku ukibaki katika faili lake lenyewe. Huo ndio utaratibu sahihi. Faida yake ni kwamba msanifu akihamisha ukuta leo, mhandisi wa miundo huuona ukuta huo ukiwa mahali papya mara apakiapo upya rejea yake.

Wiki ya tatu msanifu aliona chumba cha kutolea dawa ni chembamba mno. Akahamisha mstari wa gridi C kwa milimita 450, pamoja na nguzo zote zilizokuwa juu yake. Umbali kati ya gridi B na C, uliokuwa milimita 3600, ukawa 4050. Ule wa C na D, uliokuwa 3600 vilevile, ukawa 3150. Kwa kuwa mabadiliko yalikuwa makubwa, aliogopa kuipoteza kazi ya awali. Hivyo akahifadhi mchoro kwa jina jingine: `ramani chini mpya.dwg`. Siku mbili baadaye kukawa na `ramani chini mpya 2.dwg`, na mwishowe `ramani chini FINAL.dwg`.

Mchoro wa misingi uliokusanywa ulikuwa safi. Vipimo vyake vilijumlishwa sawasawa, na urefu wote wa jengo ulilingana na ule wa mchoro wa usanifu, kwa sababu kilichoongezwa upande mmoja wa gridi C kilipunguzwa upande wa pili: 4050 na 3150 ni 7200, na 3600 mara mbili ni 7200 pia. Kosa lilionekana pale tu nilipoziweka karatasi mbili moja juu ya nyingine dhidi ya mwanga wa dirisha. Misingi ya nguzo za gridi C ilikuwa imebaki pale nguzo zilipokuwa wiki tatu nyuma.

Katika chuo, kosa hilo liligharimu karatasi na alama chache. Inafaa hata hivyo kulipima kama lingefika kwenye eneo la ujenzi. Misingi ya nguzo ilichorwa kuwa ya mraba wa milimita 1200, na nguzo zilikuwa na upana wa milimita 230. Nguzo iliyosogea milimita 450 kutoka katikati ya msingi wake ingebakiza milimita 35 tu kabla ya ukingo wa zege. Kwa msingi wa mstatili, mzigo ukishatoka katikati kwa zaidi ya sehemu moja ya sita ya upana, ambayo hapa ni milimita 200, upande wa pili wa msingi huacha kuikandamiza ardhi. Milimita 450 ni zaidi ya mara mbili ya kiwango hicho. Fundi makini angeligundua jambo hilo wakati wa kupanga kamba; lakini si vema mchoro ukategemea umakini wa fundi.

2.0 Kwa Nini Programu Haikulalamika

Wanafunzi wa miundo, umeme na maji hawakuwa wazembe. Kila asubuhi walifungua michoro yao na programu ikawaonesha kwamba rejea imepakiwa. Ili kuelewa kilichotokea, ni lazima kutazama AutoCAD inahifadhi nini inapoazima mchoro. Haihifadhi mistari ya ukuta. Inahifadhi jina la faili na njia ya kulifikia, na kila mchoro mwenyeji unapofunguliwa hufuata njia hiyo na kuleta chochote kinachokutwa mwishoni mwake. Kama kilichokutwa ni faili la wiki tatu zilizopita, basi hicho ndicho kitakacholetwa, tena kwa hadhi ya `Loaded` isiyo na dosari.

Hapa zipo namna mbili za kuharibika, na ninaona ni muhimu wanafunzi wazitenganishe mapema. Namna ya kwanza ni ile yenye kelele. Msanifu angelibadilisha jina faili lenyewe badala ya kutengeneza jingine, njia iliyohifadhiwa isingefika popote. Dirisha la rejea lingeonesha `Not Found`, na mahali pa ramani pangebaki maandishi ya njia tu. Hilo ni usumbufu, ila hakuna atakayechapisha mchoro wa namna hiyo. Namna ya pili ni ya kimyakimya: faili la zamani linabaki mahali pake, jipya linazaliwa pembeni, na wategemezi wote wanaendelea kuliazima la zamani. AutoCAD huwa na kawaida ya kutoa taarifa pembeni mwa skrini pale faili lililoazimwa linapohifadhiwa upya na mtu mwingine. Taarifa hiyo haikuwahi kutokea katika kisa chetu, kwa sababu `ramani chini.dwg` halikuguswa tena na mtu yeyote.

Kwa hiyo jina lenye neno “mpya” ni baya si kwa sababu halipendezi. Ni baya kwa sababu linahamisha kazi mahali ambapo anwani za wenzake hazielekei. Nimewasikia walimu wakiwakemea wanafunzi kwa majina kama `FINAL FINAL 3` kana kwamba tatizo ni utovu wa nidhamu. Hata likiandikwa kwa nidhamu kamili, `ramani-chini_v03.dwg` lingezaa kosa lilelile.

Kuna chanzo kingine cha majina haya ambacho hakina uhusiano na hofu ya kupoteza kazi. Faili la DWG likiwa limefunguliwa na mtu mmoja katika mtandao wa maabara, mtu wa pili anayelifungua huambiwa kwamba linatumika, na hupewa nafasi ya kulifungua kwa kusoma tu. Anafanya kazi saa nzima, anajaribu kuhifadhi, programu inakataa na kumtaka atoe jina jingine. Anaandika “mpya”, na hapo tayari mti mmoja umepata matawi mawili.

3.0 Miongozo

3.1 Lililoazimwa halibadilishwi jina

Kanuni ya msingi ninayoitoa siku ya kwanza ni fupi: faili linaloelekezewa na mafaili mengine halipewi namba ya toleo, tarehe, wala jina la mtu. Faili lisiloelekezewa na lolote, kama PDF iliyotolewa, linaweza na linapaswa kubeba namba ya toleo. Swali la mwanafunzi lisiwe “Je, hili ni toleo jipya?” bali “Je, kuna mchoro unaoliazima faili hili?”

Kanuni hii inaafiki viwango vya kimataifa, ingawa wanafunzi wengi hudhani vinasema kinyume. Katika ISO 19650, ambayo sehemu zake mbili za kwanza zilitolewa mwaka 2018, kila faili la mradi hutakiwa kuwa na utambulisho wa pekee, na marekebisho huhesabiwa kuwa sifa inayoambatana na utambulisho huo pamoja na hadhi na uainishaji. Marekebisho si sehemu ya utambulisho wenyewe. Mtu akiongezeka umri habadilishiwi jina.

Jina lenyewe tunalijenga kwa vipande vichache vinavyotenganishwa kwa kistari. Kwa zahanati tulikubaliana hivi:

```
ZAH-US-M-00.dwg    mchoro mama wa usanifu, sakafu ya chini
ZAH-MU-M-00.dwg    mchoro mama wa miundo, misingi na nguzo
ZAH-US-K-101.dwg   karatasi ya usanifu namba 101
ZAH-MU-K-201.dwg   karatasi ya miundo namba 201
```

Kipande cha kwanza ni mradi, cha pili ni taaluma, cha tatu kinaonesha kama faili ni mchoro mama au karatasi, na cha mwisho ni sakafu au namba ya karatasi. Mchoro mama hubeba jengo kwa vipimo vyake halisi na hauna fremu. Karatasi hubeba fremu, kisanduku cha utambulisho na madirisha yanayoonesha michoro mama iliyoazimwa. Hatutumii nafasi kati ya maneno. Herufi ambazo Windows haizikubali, yaani `\ / : * ? " < > |`, haziwezi kutumika hata kwa kutaka. Sifuri ya mbele katika `00` na `01` si pambo: baadhi ya programu hupanga majina herufi kwa herufi, na humo `10` hutangulia `2`.

Kufupisha majina kuna sababu ya kiufundi pia. Mchoro uliozimwa huingiza jina lake katika majina ya matabaka. Tabaka la `UKUTA` lililomo katika `ZAH-US-M-00` huonekana katika mchoro mwenyeji kama `ZAH-US-M-00|UKUTA`. Mwanafunzi wa umeme akilipunguzia tabaka hilo rangi ili nyaya zake zionekane, mpangilio huo unahifadhiwa chini ya jina hilo zima. Akiiondoa rejea na kuazima `ramani chini mpya`, tabaka linakuwa `ramani chini mpya|UKUTA`, ambalo programu inalihesabu kuwa geni kabisa. Rangi, unene wa mistari na matabaka yaliyogandishwa katika kila dirisha hupotea, na kazi ya asubuhi nzima hurudiwa. Mtu anaweza kukwepa hasara hiyo kwa kuielekeza rejea ileile kwenye faili jingine bila kuiondoa. Lakini hapo jina la rejea linasema jambo moja na faili lililopakiwa ni jingine, na asomaye dirisha la rejea baada ya mwezi hatajua aamini lipi.

3.2 La zamani ndilo linalohama

Pingamizi la wanafunzi kwa kanuni ya kwanza ni moja, na ni la haki. Mmoja aliniuliza, “Mwalimu, nikihifadhi juu ya lile la jana, na kesho mteja akataka la jana, nitalitoa wapi?” Jibu ni kwamba historia itunzwe, ila isitunzwe kwa kubatiza jina jipya kazi inayoendelea. Anayehama ni yule wa zamani. Kabla ya badiliko kubwa, nakala ya hali ya sasa hutolewa, hupewa tarehe na kuwekwa mbali. Kisha kazi inaendelea katika faili lenye jina lilelile.

Folda ya mradi huwa na sehemu nne tu:

```
ZAH/
  01_MAMA/
  02_KARATASI/
  03_YALIYOTOLEWA/
  04_KUMBUKUMBU/
```

Njia za rejea huwekwa kuwa za kadiri, si kamili, ili `ZAH-MU-K-201` liikumbuke ramani kama `..\01_MAMA\ZAH-US-M-00.dwg` na si kwa anwani inayoanza na herufi ya diski ya mwanafunzi mmoja. Tangu AutoCAD 2018 njia ya kadiri ndiyo inayopendekezwa na programu yenyewe wakati wa kuazima. Kwa matoleo ya nyuma mwanafunzi anapaswa kuichagua mwenyewe.

Njia ya kadiri ina mtego wake, nao uko hasa katika kumbukumbu. Mwaka uliofuata kundi jingine lilijitahidi kutunza historia. Kila Ijumaa walinakili karatasi zao zote na kuziweka moja kwa moja ndani ya `04_KUMBUKUMBU`. Mwishoni mwa muhula niliwaomba wanioneshe mchoro wa misingi wa Ijumaa ya pili. Wakaufungua, na kuta zilizoonekana zilikuwa za siku ileile tuliyokaa kuutazama. Sababu ni rahisi ukiifuata njia: kutoka `04_KUMBUKUMBU`, kupanda ngazi moja na kuingia `01_MAMA` kunafika kwenye mchoro mama unaoendelea kufanyiwa kazi. Walikuwa wametunza fremu na kuacha picha. Wangeweka nakala ndani ya folda ya tarehe, ngazi moja chini zaidi, njia ingevunjika na programu ingepiga kelele. Katika hali hiyo hasara ingejulikana mapema.

Mtego wa jirani yake ni huu. AutoCAD isipolikuta faili mahali palipohifadhiwa, hutafuta kwingine kabla ya kukata tamaa, na mahali pa kwanza pa kutafuta ni folda ya mchoro mwenyeji. Kwa hiyo nakala ya zamani ya `ZAH-US-M-00.dwg` iliyosahauliwa ndani ya `02_KARATASI` inaweza kupakiwa siku ambayo folda ya `01_MAMA` haipatikani, na hadhi yake bado itasomeka `Loaded`. Ndiyo maana michoro mama hainakiliwi katika folda ya karatasi hata kwa muda mfupi.

Tangu siku hiyo kumbukumbu hufanywa kwa amri ya `ETRANSMIT`, ambayo hukusanya karatasi pamoja na kila kilichoazimwa ndani yake na kuvifunga katika kifurushi kimoja. Kifurushi hupewa jina kama `ZAH_2024-05-10_P02.zip`. Kuwa ndani ya kifurushi kilichofungwa ni kinga: hakuna mchoro hai utakaoelekezwa humo kwa bahati mbaya. Tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama ISO 8601 inavyoelekeza, kwa sababu mbili. Vifurushi hujipanga vyenyewe kwa mfuatano wa wakati, na hakuna anayejiuliza kama 05-10 ni mwezi wa tano au wa kumi.

Kwa makosa madogo ya siku moja hatuhitaji kifurushi. AutoCAD huacha faili la `.bak` lenye hali ya kabla ya kuhifadhi mara ya mwisho, nalo hurejeshwa kwa kubadilishiwa kiendelezi kuwa `.dwg`. Ni lazima wanafunzi waelewe kwamba hiyo ni hatua moja tu ya kurudi nyuma. Anayehifadhi mara mbili baada ya kufuta ukuta amekwisha kuupoteza.

3.3 Toleo huandikwa panaposomwa na mtu

Namba ya toleo ina mahali pake palipo halali, napo ni kwenye kile kinachotoka nje ya folda. Karatasi inapotolewa kwa mwalimu, kwa mteja au kwa kundi jingine, hutengenezwa PDF yenye jina la karatasi na namba ya marekebisho: `ZAH-MU-K-201_P02.pdf`. Namba hiyohiyo huandikwa katika kisanduku cha utambulisho, pamoja na tarehe na maelezo ya kilichobadilika. Mtindo wa `P01`, `P02` kwa matoleo ya awali, na `C01` kwa yale ya kimkataba, unatokana na utekelezaji wa ISO 19650 nchini Uingereza. Tunautumia kwa sababu ni mfupi na kwa sababu wanafunzi watakutana nao katika baadhi ya ofisi.

Namba hiyo hupanda pale tu karatasi inapotoka. Kuhifadhi mara ishirini kwa siku hakuleti `P20`. Jambo hili huwachanganya wanafunzi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu wamezoea kuhesabu juhudi zao, ilhali namba ya marekebisho inahesabu mara ambazo mtu mwingine ameutegemea mchoro. Maelezo ya marekebisho nayo yasiwe “mabadiliko mbalimbali”. Kwa kisa chetu yangesomeka: “Gridi C imesogezwa milimita 450 kuelekea D; misingi ya nguzo za gridi C imehamishwa.” Mtu mwenye karatasi mbili mkononi ajue aangalie wapi.

Bado lipo pengo. Kisanduku cha utambulisho kinasimulia habari za karatasi, wala hakisemi karatasi hiyo imeazima ramani ya lini. Karatasi ya misingi katika kisa cha zahanati ingeweza kubeba `P02` na tarehe ya jana huku ikionesha gridi ya wiki tatu nyuma. Tiba tuliyoibuni darasani ni ya mkono kabisa. Ndani ya mchoro mama, pembeni mwa jengo, mwenye mchoro huandika mstari mmoja mdogo katika tabaka lake la pekee: tarehe ya badiliko la mwisho linalowahusu wengine, na badiliko lenyewe kwa maneno machache. Kwa kuwa mstari huo ni sehemu ya mchoro mama, unaonekana katika kila karatasi inayouazima, na unachapishwa pamoja nayo ilimradi dirisha la karatasi liwe pana kuufikia. Karatasi mbili zenye mistari tofauti haziwezi kuwa zimetoka katika ramani moja. Udhaifu wake ni kwamba unategemea mtu akumbuke kuuandika, na wapo wanaosahau. Lakini hata ukisahauliwa, hauongezi kosa jipya.

3.4 Mwenye faili mmoja

Utaratibu wote huu unakwama kama watu wawili wana haki sawa juu ya mchoro mama mmoja. Kila faili katika `01_MAMA` lina mwenyewe mmoja anayejulikana, na jina lake huandikwa katika orodha ya mradi, si katika jina la faili. Wengine huazima. Wa umeme akiona mlango unagongana na swichi, hamfungulii msanifu mchoro wake na kuusogeza mlango, anamwambia.

Kanuni hii inazidi kuwa ya lazima pale folda ya pamoja inapokuwa katika huduma ya kusawazisha mafaili kupitia intaneti, kama Dropbox au Google Drive, badala ya kompyuta kuu ya maabara. Katika kompyuta kuu, faili ni moja na kufuli ni moja. Katika huduma hizo kila mwanafunzi anafungua nakala iliyo katika kompyuta yake mwenyewe, hivyo kufuli la AutoCAD halimfikii mwenzake. Wote wawili wanafungua, wote wawili wanahifadhi bila kizuizi. Dropbox ikigundua mgongano huzitunza nakala zote mbili, moja ikiongezewa maneno `conflicted copy` katika jina. Hakuna kazi iliyofutwa, na wanafunzi hufarijika kwa hilo. Lakini rejea zote zinaendelea kuelekea jina lisiloongezewa maneno, na kazi ya yule mwingine imetoka nje ya mradi kimya kimya, sawasawa na `ramani chini mpya`.

4.0 Ukaguzi Kabla ya Kutoa

Kabla ya kutengeneza PDF, kila mwanafunzi hufungua karatasi yake na kuandika amri ya `XREF`. Katika dirisha linalofunguka anasoma mambo matatu kwa kila rejea. Kwanza ni hadhi. Pili ni tarehe ya faili, ambayo analinganisha na mstari ulioandikwa pembeni mwa ramani. Tatu, na hili ndilo linalorukwa, ni kulinganisha `Saved Path` na `Found At`. Ya kwanza ni mahali ambapo mchoro uliambiwa utafute. Ya pili ni mahali ulipokuta. Zisipoelekea folda moja, hadhi ya `Loaded` haina thamani yoyote. Ukaguzi huu kwa karatasi yenye rejea tatu au nne huchukua dakika moja au mbili.

Ungefanywa katika kisa cha zahanati, tarehe ya `ramani chini.dwg` ingeonekana kuwa ya wiki tatu nyuma, na mwanafunzi wa miundo angeuliza. Nakiri hata hivyo kwamba ukaguzi haugundui kila kitu. Ikiwa msanifu amesogeza nguzo na hajahifadhi, au amehifadhi baada ya karatasi kufunguliwa na rejea haijapakiwa upya, tarehe peke yake haitoshi. Ndiyo maana kupakia upya rejea zote ni hatua inayotangulia kusoma dirisha.

Miongozo hii imeundwa kwa michoro ya DWG inayoazimana. Wanafunzi wanaohamia Revit watakuta faili kuu moja ambalo kila mtu hulifanyia kazi kupitia nakala yake ya ndani, nayo programu yenyewe huongeza jina la mtumiaji katika nakala hiyo. Humo jina la mtu ndani ya jina la faili ni sahihi, kwa kuwa hakuna anayeiazima nakala ya ndani. Lakini modeli moja ikiunganishwa na nyingine, kiungo kinakumbuka jina na njia, na faili kuu likibatizwa “mpya”, modeli ya miundo itaendelea kuitazama ile ya zamani.